Soksi ya kupima oksijeni ya mtoto inanimaliza, usiku naangalia namba kuliko ninavyomwangalia mwanangu

Mama Wiki Tisa:
Habari zenu wakuu, uzi ni mrefu naomba mnivumilie. Mimi ni mama wa mara ya kwanza, mwanangu ana wiki 9, alizaliwa kwa wakati wake na kilo 3.2, ananyonya vizuri, kadi ya kliniki inapanda kama inavyotakiwa. Alipofika wiki 2 tuliletewa zawadi ya ile soksi yenye sensa, unamvalisha mguuni usiku halafu inatuma namba mbili kwenye simu, oksijeni na mapigo ya moyo, na kuna kitaa kidogo unaweka pembeni kinawaka kijani kama kila kitu kipo sawa. Kampuni siitaji maana sijaja kugombana na mtu.

Mwanzoni nilifurahi kwakweli. Nikasema sasa ntalala. Wiki ya kwanza ikalia mara mbili, zote soksi ilikuwa imevuka. Sawa. Wiki ya tatu nikaanza kuiangalia hata kama haijalia, najiambia niangalie tu mara moja halafu nilale, naona 97 nafurahi, baada ya dakika tano naona 94 moyo unaenda mbio, nasubiri irudi 97, ikirudi tayari usingizi umeshakimbia. Sasa hivi nalala simu ikiwa kifuani mwanga umewaka. Juzi nimehesabu, kati ya saa nne usiku na alfajiri nimefungua hiyo apu mara 41.

Kilichonileta hapa ni usiku wa Jumanne. Saa tisa na dakika 12 ile ya usiku mkubwa ikalia alamu nyekundu, oksijeni 78 mapigo 64. Sikumbuki hata nilivyofika kwenye kitanda chake, nilimnyakua, nikawasha taa, mtoto akaanza kulia kwa hasira, midomo ni ya rangi yake ya siku zote. Baba yake aliamka ananikuta nimekaa chini nalia na mtoto kanyamaza ananiangalia. Toka siku hiyo silali kabisa, hata mchana mama mkwe akiwa amembeba mimi niko chumbani nimefumba macho lakini nasikiliza.

Naombeni mnisaidie. Hiyo 78 ilikuwa kweli? Niendelee kumvalisha au niivue? Nikiivua nikamkuta asubuhi hapumui ntajisamehe vipi?

Fundi Kaka Mkubwa:
Pole sana dada. Mimi nafanya kazi za umeme na vifaa hivi navijua, hiyo soksi inapiga mwanga kwenye ngozi halafu inasoma mwanga unaorudi, damu yenye oksijeni na isiyo na oksijeni zinanyonya mwanga tofauti. Sasa soksi ikilegea mwanga wa nje unaingia, au sensa ikihama, namba zinakuwa za uongo. Kaza vizuri mkanda wa kisigino usicheze kabisa alamu zitaisha. Usiivue, kifaa ni kifaa, ni kama mlinzi getini, kulia mara moja kwa bahati mbaya si sababu ya kumfukuza. Sisi wa kwetu tukishamvalisha hatuna wasiwasi kabisa, tunamlaza hata kifudifudi maana ndivyo anavyopenda na soksi inamlinda.

Jirani wa Ghorofani:
Mimi pia kamera yangu inasumbua, picha inaganda usiku, sauti inakuja imechelewa sekunde kadhaa. Mwenzangu umeshajaribu kubadilisha chaneli ya waifai? Mimi nilibadilisha ikatulia kidogo.

Mama Wiki Tisa:
@Jirani asante ila mimi sina kamera, ni soksi.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Mama Wiki Tisa pole mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya watoto wachanga miaka 14 na hizo alamu nimezisikia kuliko nyimbo. Kabla sijasema lolote, @Fundi kaka yangu, sehemu ya mwanga umeeleza vizuri, lakini yale mawili mengine naomba uyaache leo leo. Usikaze soksi, mguu ukibanwa damu haipiti vizuri na sensa inategemea hiyo damu inayodunda, kwahiyo ukikaza sana unapata namba mbaya zaidi pamoja na alama ya wekundu au hata kidonda kwenye ngozi ya mtoto. Na kifudifudi, hapana kabisa. Mtoto analazwa chali, kwenye godoro gumu lililo bapa, bila mto bila blanketi laini, kitandani kwake mwenyewe ila chumba kimoja na nyie. Hicho ndicho kilichopunguza vifo vya ghafla vya watoto usingizini, Marekani walianza kampeni ya kulaza chali mwaka 1994 na vifo hivyo vikashuka karibu nusu ndani ya miaka michache. Soksi haijawahi kuonyesha kitu kama hicho. Madaktari wa watoto wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2022 wanasema wazi usitumie vifaa hivi vya nyumbani kama njia ya kuzuia vifo hivyo. Sasa ukimlaza kifudifudi kwa sababu amevaa soksi umetoa kinga iliyopo ukaweka isiyokuwepo.

Mama, nijibu haya. Hiyo Jumanne alivaa soksi toka saa ngapi? Apu yako inaonyesha alivyokuwa anacheza usiku? Ukiweza andika namba za kabla na baada ya alamu. Na mtoto akinyonya anatoka jasho, anachoka, anakuwa na rangi ya bluu mdomoni? Kuna mtu kwenu aliyezaliwa na shida ya moyo?

Mama Wiki Tisa:
Shikamoo dada nesi. Hapana, hatoki jasho, ananyonya kama dakika 15 anaachia mwenyewe, bluu sijawahi kuona, kwenye familia hakuna. Alivalishwa saa mbili usiku. Namba nimeziandika hapa kama zilivyo:

Saa 8:50 usiku, oksijeni 96, mapigo 128, mchezo kidogo
Saa 9:07, oksijeni 93, mapigo 139, mchezo mwingi
Saa 9:12, oksijeni 78, mapigo 64, alamu
Saa 9:13, hakuna namba, inasema iweke soksi vizuri
Saa 9:16, oksijeni 98, mapigo 161

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Marahaba. Sasa tuzisome pamoja, ila elewa nasoma namba za kifaa cha nyumbani nikiwa mbali, sijamwona mtoto.

Cha kwanza angalia mapigo. Dakika chache kabla yalikuwa 139, halafu ghafla 64, halafu 161 akiwa analia. 64 ni karibu nusu ya 130. Sensa ikisoma vibaya inaweza kuruka pigo moja ikahesabu moja, unapata nusu ya mapigo halisi, na ikishapoteza mdundo hata oksijeni inayokupa inakuwa ya kubahatisha maana oksijeni inakokotolewa kutoka kwenye mdundo huo huo. Ndio maana wodini mashine ikisema oksijeni iko chini jambo la kwanza tunaangalia ni kama mapigo yake yanafanana na tunayoyasikia kwa masikio. Yasipofanana hatuiamini oksijeni.

Cha pili, kabla ya alamu alikuwa anacheza sana. Mtoto kuanza kuamka, anarusha miguu, sensa inasogea. Mara nyingi namba za kusogea zinaanguka ghafla na kurudi ghafla. Oksijeni ikishuka kweli huwa inateremka, 95, 92, 88, halafu inapanda tena kwa kufuatana. Apu yako inaandika kwa kuruka ruka kwahiyo huo mteremko hatuwezi kuuona hata kama ulikuwepo, na hapo ndipo nasema sina uhakika wa asilimia mia.

Cha tatu, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni ulichokiona wewe mwenyewe. Midomo ya kawaida, analia kwa nguvu, mwili mkakamavu. Na soksi yenyewe dakika moja baadae ilikiri haijakaa vizuri. Ulipoivua mguu ulikuwaje?

Mama Wiki Tisa:
Sensa ilikuwa imegeuka iko chini ya unyayo, na kwenye kifundo kulikuwa na alama ya mkanda, kaduara kekundu kaliisha mchana. Sikuwa nimeunganisha hayo mambo kabisa, mimi niliona 78 tu.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Kila mtu angeona 78 tu, ndivyo kifaa kilivyotengenezwa, kikupe namba kubwa nyekundu. Nakushauri umpeleke kliniki kesho akapimwe mara moja na mashine ya hospitali, mkono wa kulia na mguu, daktari amsikilize moyo. Sio kwa sababu naamini 78, ila alamu kama hiyo haipaswi kuachwa ijibiwe na watu wa mtandaoni.

Mdadisi:
Mbona serikali ya Marekani ilishazipiga marufuku hizi soksi? Nilisoma kitambo.

Mwalimu wa Fizikia:
@Mdadisi nusu kweli. Mwaka 2021 FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, iliwaandikia Owlet barua ya onyo kwamba wanauza soksi yao kama kifaa cha tiba bila kibali, kampuni ikaacha kuiuza Marekani mwaka huo huo. Halafu 2023 ile inayoitwa Dream Sock ikapewa kibali kwa watoto wazima wa mwezi 1 hadi 18. Kibali maana yake inapima inachosema inapima kwa kiwango kilichokubaliwa, hakisemi inazuia kifo cha ghafla. Na sio zote zinafanana, 2018 kuna watafiti walijaribu vifaa viwili vya nyumbani kwa watoto 30 waliolazwa hospitali, kimoja kiliona oksijeni ikishuka lakini si mara zote, cha pili hakikuona hata mara moja ilhali mashine ya hospitali ilikuwa inaonyesha imeshuka. Kwahiyo kuna kulia bila sababu na kuna kunyamaza pasipotakiwa, vyote viwili.

Swali langu kwa nesi, nilisoma pia kwamba vifaa vya mwanga vinakosea zaidi kwa ngozi nyeusi, ni kweli?

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Ni kweli kwa watu wazima, 2020 ulitoka utafiti uliolinganisha kibanio cha kidoleni na damu yenyewe, wagonjwa weusi oksijeni yao ilishuka bila kibanio kuonyesha karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kosa lenyewe ni la kusoma juu kuliko ilivyo. Kwahiyo taa ya kijani nayo isikufanye uache kumwangalia mtoto ambaye unaona kabisa anapumua kwa shida.

Mama Pacha Njiti:
Naomba nami niseme maana naona uzi unaelekea kwamba mashine zote hazina maana. Wanangu walizaliwa wiki ya 27, mmoja alikuja nyumbani na mtungi wa oksijeni na mashine ya kupima, tuliandikiwa na daktari, tulikaa nayo miezi mitano. Ile mashine ilimsaidia, kuna usiku bomba lilichomoka puani ikatuamsha. Bila hiyo sijui. Kwahiyo mama usivue kitu chochote.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Mama Pacha hongera kwa vita hiyo, na wala sipingi. Ila tofauti ni hii, wewe kabla hamjatoka wodini mlifundishwa, si ndio?

Mama Pacha Njiti:
Ndio, siku tatu. Tulifundishwa alamu ikilia mwangalie mtoto kwanza ndio uangalie mashine. Rangi, kifua, halafu waya. Na tulipewa kikomo chetu, tuliambiwa ikishuka chini ya namba fulani kwa sekunde kadhaa ndio tufanye nini, na nani wa kumpigia. Na walitufundisha kumpulizia hewa mtoto na kumkandamiza kifua. Kweli nikifikiria, mwenzangu huyu kapewa namba tu hakupewa lolote kati ya hayo.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Hapo umemaliza maelezo yangu yote. Mtoto wako alikuwa na ugonjwa unaojulikana, namba ilikuwa na kazi, na kulikuwa na mtu upande wa pili. Kwa mtoto mzima namba haina kazi ya kufanya, inabaki kukuuliza maswali tu usiku kucha.

Baba Klipu:
Sisi tulitumia ile ya kubana kwenye nepi, inahisi tumbo likipanda na kushuka, ikikaa sekunde 15 bila mwendo inatikisika kidogo, ikifika 20 inapiga kelele. Mtoto akikunja tumbo inaachia, kelele. Baada ya mwezi mmoja mke wangu akawa anaamka hata isipolia, anasikia kelele ambayo haipo. Ila mimi nilichoshangaa ni kingine, kuna usiku nilikaa namtazama kabisa kwa macho, akapumua haraka haraka halafu akanyamaza, kifua kimetulia tuli. Nikahesabu mpaka saba akaanza tena mwenyewe. Nilitetemeka. Hiyo ni kawaida??

Mama Wiki Tisa:
@Baba Klipu hicho hicho!! Ndio kinanifanya niamini namba zikishuka, maana nimeona kwa macho anaacha kupumua.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Nafurahi mmeuliza maana hapa ndipo wazazi wengi wanapoumia bila mtu wa kuwaambia. Mtoto mchanga hapumui kama sisi. Ile sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi bado inajifunza, kwahiyo anavuta haraka haraka, halafu anasimama sekunde 5 mpaka 10, halafu anaanza tena mwenyewe bila kuguswa, na anaweza kurudia hivyo mara kadhaa mfululizo hasa kwenye ule usingizi wa macho kuchezacheza, na karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni wa aina hiyo. Inaonekana sana wiki za mwanzo, inapungua, kwa wengi ikifika miezi sita imeisha. Na wakati wa hivyo vituo oksijeni inaweza kuteremka kidogo na kurudi, ndio hizo 94 na 93 zako.

Mwaka 2001 ulitoka utafiti mkubwa Marekani, watoto 1079 walifungwa mashine za kurekodi nyumbani kwao. Ikaonekana pumzi kusimama na mapigo kushuka kwa kiwango cha kuliza alamu ni jambo la kawaida hata kwa watoto wazima waliozaliwa kwa wakati wao. Fikiria hilo vizuri mama. Maelfu ya wazazi usiku huu watoto wao wanafanya hivyo hivyo, wao wamelala hawajui, na watoto wataamka. Wewe umewekewa dirisha la kuona kila kituo lakini hakuna aliyekuambia kituo kipi ni cha kawaida.

Kisicho kawaida ni hiki: kusimama sekunde 20 au zaidi, au kusimama kwa muda wowote lakini anabadilika rangi anakuwa bluu au kijivu kwenye midomo na ulimi, au analegea kama kitambaa. Hapo msugue mgongo au unyayo, asipovuta pumzi anza kumpulizia hewa na mtu mwingine apige simu ya dharura. Hata akizinduka apelekwe hospitali. Na akiwa na homa au mafua hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, sio sekunde 15 halafu uzidishe maana anasimama simama utakosea. Chini ya miezi miwili zikifika 60 rudia tena kuhesabu, zikibaki hapo au juu mpeleke. Mbavu zikiingia ndani, pua zikitanuka, anaguna kila akitoa pumzi, mpeleke bila kuhesabu. Haya yote yanaonekana kwa macho na hakuna hata moja linalohitaji simu.

Subira:
Sijui kama niseme. Mimi wa kwanza wangu alifariki usingizini akiwa na miezi mitatu. Alilazwa chali, hakuna aliyevuta sigara, hakuna kosa lililoonekana. Wa pili alipozaliwa sikuweza kufumba macho mpaka tulipoweka ile mkeka wa kuhisi mwendo chini ya godoro. Najua nesi utasema haizuii. Najua. Niliambiwa na daktari pia. Lakini nililala saa tatu mfululizo kwa mara ya kwanza na ile ilikuwa tofauti ya mimi kuwepo na kutokuwepo. Kwahiyo msimwambie kila mtu aivue.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Subira mwanangu, Mungu akutie nguvu. Sitakuambia kitu tofauti na hicho. Wewe ulilala, huo ndio upimaji wangu. Kifaa kikimfanya mzazi alale na mtoto bado analazwa salama mimi sina neno. Ninachoomba tu kwa anayesoma, kama mkeka una waya uwe mbali na kitanda, angalau mita moja, kuna watoto wamenyongwa na waya za monita.

Mama Wiki Tisa kwa upande wako imekuwa kinyume, mara 41.

Nilipita Hapo:
Dada mimi nilikuwa na hilo hilo, sio soksi, mimi nilikuwa naweka kidole chini ya pua ya mtoto kila dakika kumi, baadae nikanunua saa ya mkononi ya kupima usingizi wangu mwenyewe nione kama nalala, nikawa naamka asubuhi inaniambia usingizi mbaya nakata tamaa hata kabla sijanyanyuka. Nilipopelekwa kwa mshauri nasaha alinielezea kitu kikanikaa. Kila ukiangalia unapata nafuu, nafuu inaisha haraka, mwili unajifunza kwamba umepona kwa sababu uliangalia, kwahiyo hofu inayofuata inadai uangalie tena mapema zaidi. Ulianza dakika kumi, ukaja tano. Sio kwamba mtoto amezidi kuwa hatarini, ni nafuu inayofupika.

Hakunikataza siku moja. Tulianza naandika kila nikiangalia, saa na kilichonisukuma. Halafu nikawa nachelewesha, nikitaka kuangalia nasubiri dakika 15 kwanza. Usiku wa kwanza nilitokwa jasho. Usiku wa nne kuna mara mbili nilisinzia kabla dakika hazijaisha.

Na nikuambie lile ulilosema mama mkwe amembeba na wewe bado huwezi kulala, mimi ndio dalili yangu ilikuwa hiyo. Kama mtoto analala, kuna mtu anamwangalia, na wewe bado huwezi, kaseme kliniki hilo nalo, wasikupime mtoto tu.

Fundi Kaka Mkubwa:
Nesi nimekusoma. Nimemlaza chali jana, kalia sana ila alilala. Hili la kifudifudi sikulijua kwakweli, nilidhani kama namba ipo basi. Ila swala la kuacha kifaa kabisa bado sikubaliani, kifaa kikiona tatizo hata mara moja katika elfu si kimelipa?

Mwalimu wa Fizikia:
@Fundi hesabu yako ina upande mmoja. Chukua mfano tu, soksi ikilia kimakosa mara moja kwa wiki, miezi sita ni alamu kama 26 za uongo kwa mtoto mmoja. Tatizo la kweli kwa mtoto mzima ni adimu mno, kwahiyo ukipanga alamu zote za watoto elfu kwenye mstari unapata alamu 26,000 na za kweli unazitafuta kwa tochi. Alamu ya 27 itakuta mzazi gani? Ama aliyeshazoea anaibonyeza anazima bila kuangalia, ama huyu dada yetu asiyelala. Halafu kila alamu moja kati ya hizo inaweza kumpeleka mtoto hospitali kuchomwa sindano za vipimo asivyohitaji.

Fundi Kaka Mkubwa:
Hiyo mara moja kwa wiki umeitunga lakini.

Mwalimu wa Fizikia:
Nimesema mfano. Weka mara moja kwa mwezi, bado ni 6,000.

Fundi Kaka Mkubwa:
Na hiyo moja ya kweli akiwa wako?

Mama Wiki Tisa:
Wakuu nimerudi. Tumeenda kliniki. Mkono 98, mguu 98, mapigo 142, daktari kasikiliza moyo muda mrefu mpaka nikaogopa halafu akasema hakuna sauti yoyote ya ziada. Nikamwonyesha zile namba za Jumanne akasema neno kwa neno kama nesi, mapigo nusu, sensa imehama. Halafu nikamwambia na ile ya mama mkwe. Akaniuliza maswali kwenye karatasi, mengine yalinigusa nikalia pale pale, amenipangia kuonana na mtu wiki ijayo.

Kuhusu soksi tumekubaliana hivi kwa sasa. Mchana havai kabisa. Usiku anavaa ila apu imetolewa kwenye simu yangu, iko kwa baba yake tu, mimi nabaki na kile kitaa na alamu, namba sizioni. Usiku wa kwanza nilimwamsha baba yake mara sita aniambie namba ngapi. Mara ya sita akakataa, tukagombana kidogo. Yeye anataka tuivue moja kwa moja, mimi bado.

Jana nilimwamsha mara mbili.

Nilipita Hapo:
Kukuambia namba nako ni kuangalia, ila kwa mdomo wake. Mwambie ukimwamsha akuulize kwanza unaona nini kwa macho.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Sawa kabisa. Ukiamka nenda kitandani, usiwashe taa kubwa, angalia tumbo lake likipanda, mara moja, rudi ulale. Na uandike kila unapoangalia kama alivyofanya Nilipita Hapo, karatasi hiyo umpe daktari.

Subira:
Nakuombea. Ukivua au usipovua, njoo utuambie.

Mama Wiki Tisa:
Ntakuja. Sasa hivi amelala, tumbo linapanda. Kasimama kidogo hapa, nimehesabu mpaka sita, kaendelea. Simu naiacha sebuleni.